Kuchora Muhtasari wa Mhadhara kwa Visanduku na Mishale: Mwongozo Kamili

Muhtasari wa michoro ni ukurasa mmoja ambamo hoja za mhadhara huwekwa kwa maneno machache, vijipicha sahili, visanduku na mishale, ili msomaji auone uhusiano wa hoja hizo hata kabla ya kusoma maneno yenyewe. Wengi wanaoanza kuutengeneza huhangaika na vijipicha, wakidhani kwamba kikwazo chao ni mkono usiojua kuchora. Kwa maoni yangu kikwazo halisi kimo katika mishale. Kijipicha kibaya cha moyo bado kitatambulika kuwa ni moyo, hasa kikiandikiwa jina pembeni, lakini mshale uliochorwa bila kufikiri husema jambo ambalo mhadhiri hakulisema, na mwanafunzi anaporudi kujisomea huliamini.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaelekeza nguvu zake kwenye visanduku na mishale, na unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano wenyewe ni mhadhara wa dakika 50 kuhusu jinsi ilivyokuja kujulikana kwamba damu huzunguka mwilini. Nimeuchagua kwa kuwa ndani yake mna hadithi inayokwenda kwa wakati, mna njia halisi inayopitwa na damu, na mna ushahidi unaothibitisha dai. Mambo hayo matatu yanahitaji mishale ya aina tofauti, na kuyachanganya ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Maandalizi ya ukurasa

Tumia karatasi moja ya A4 isiyo na mistari, uilaze kwa upana. Ikunje katikati mara mbili kisha uikunjue, ili mikunjo igawe ukurasa katika sehemu nne. Mikunjo hiyo ni mwongozo wa jicho tu na haikufungi, lakini inakuzuia kujaza nusu nzima ya karatasi kwa dakika kumi za kwanza. Kalamu mbili za wino mweusi zinatosha, moja nyembamba ya kuandikia na nyingine nene zaidi kwa vichwa na mishale mikuu. Ongeza kalamu moja ya kijivu au ya rangi moja kwa ajili ya kutia kivuli baada ya mhadhara. Penseli siipendekezi wakati wa kusikiliza, kwa sababu huleta kishawishi cha kufuta, na kila unapofuta kitu sentensi nzima ya mhadhiri hupita bila kusikika.

Kabla ya mhadhara andika juu kushoto mada, tarehe na jina la somo kwa herufi ndogo. Kichwa kikubwa chenye mapambo kinaweza kusubiri mpaka mwisho, kwa kuwa mara nyingi mada iliyotangazwa si hoja ambayo mhadhiri ataijenga. Acha pia robo moja ya ukurasa, hasa ile ya chini kulia, ikiwa tupu kabisa hadi mhadhara ufike nusu. Wahadhiri wengi huacha uthibitisho, pingamizi au hitimisho kwa kipindi cha pili, na mtu asiyeacha nafasi hulazimika kulibana jambo kubwa kwenye kona.

Alama chache zenye maana moja

Chagua aina tatu za visanduku na usibadilishe maana yake ukurasani. Kisanduku cha pembe nne chenye mstari wa kawaida kibebe dai, yaani jambo ambalo mhadhiri anasema ni kweli. Umbo la wingu libebe swali au mashaka. Kisanduku chenye kona moja iliyokunjwa, kama ukurasa wa kitabu, kibebe ushahidi: jaribio, hesabu au kitu kilichoonekana. Andika maneno kwanza, kisha uyazungushie kisanduku. Ukichora kisanduku kwanza, maneno hayataenea, nawe utaanza kuyapunguza au kuyabana ilhali mhadhiri anaendelea kuzungumza.

Mishale nayo iwe ya aina nne. Mshale mnene uonyeshe mwendo wa kitu halisi kutoka mahali hadi mahali. Mshale mwembamba uonyeshe kwamba jambo moja linasababisha au linathibitisha jingine, na juu yake uandike kitenzi. Mshale wa nukta nukta uonyeshe kitu kinachokisiwa au kinachodaiwa lakini bado hakijaonekana. Mshale wenye tarehe kwenye mkia wake uonyeshe mfuatano wa wakati. Zaidi ya hiyo, vitu viwili vinapohusiana tu bila kimoja kuelekea kingine, tumia mstari usio na kichwa.

Njia ya kujua kama mshale unastahili kuwapo ni kuusoma kama sentensi. Kilichoandikwa mkiani ndicho mtenda, mshale ndio kitenzi, na kilichoandikwa kwenye ncha ndicho mtendwa. Mshale unaotoka “vali za vena”, yaani vilango vilivyomo ndani ya mishipa inayorudisha damu moyoni, kwenda “damu hairudi nyuma” unasomeka vizuri ukiandikiwa “huhakikisha”. Mshale unaotoka “moyo” kwenda “mapafu” unaweza kusomeka kuwa moyo hupeleka damu kwenye mapafu, kuwa moyo huathiri mapafu, au kuwa mada ya moyo ilifuatwa na mada ya mapafu. Usipopata kitenzi kimoja kinachofaa, ondoa kichwa cha mshale na ubakize mstari mpaka uelewe.

Vijipicha

Kuhusu vijipicha sitakawia. Nukta, mstari, duara, mraba na pembetatu hutosha kujenga karibu kila kitu. Katika mhadhara wetu moyo ni mraba uliogawanywa vyumba vinne, viwili vya juu vikiwa aurikali na viwili vya chini vikiwa ventrikali, mapafu ni mayai mawili yaliyosimama, mwili ni mtu wa vijiti, ini ni pembetatu iliyolala, na mkono ni mistari miwili sambamba yenye utepe unaoukaza. Andika jina kando ya kila kijipicha, hata kile kinachoonekana dhahiri. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada walichapisha majaribio ambayo washiriki walikumbuka zaidi maneno waliyoyachora kuliko yale waliyoyaandika, na uzuri wa mchoro haukuwa ndio ulioleta tofauti. Majaribio hayo yalihusu orodha za maneno, kwa hiyo hayathibitishi kwamba mhadhara mzima utakumbukwa vivyo hivyo, lakini yanatosha kumwondolea wasiwasi mtu mwenye mkono mzito.

Kanuni moja ya muda isivunjwe: kijipicha kimalizike ndani ya muda ambao mhadhiri anatamka sentensi moja. Kisipomalizika, kiache, andika neno lake, na uache nafasi kando.

Dakika za mwanzo: kusikiliza umbo la hoja

Kwa dakika tatu hadi tano za kwanza usichore chochote isipokuwa swali la mhadhara. Sikiliza maneno yanayofichua umbo la hoja. Mhadhiri akisema “kwanza, pili, tatu”, hoja yake ni orodha. Akisema “zamani watu waliamini kwamba”, basi kuna dai la kale litakalopinduliwa. Akisema “kutoka hapa inaelekea”, kuna njia ya kufuatwa. Akisema “tunajuaje?”, ushahidi uko karibu.

Katika mfano wetu mhadhiri anaanza hivi: “Damu inayotoka moyoni huenda wapi? Kwa karne nyingi wanazuoni walimfuata Galeni, tabibu wa kale aliyefundisha kwamba damu ya vena hutengenezwa na ini kutokana na chakula, kisha hutumika na kuishia kwenye viungo. Leo tutaona jinsi tabibu Mwingereza William Harvey alivyopinga jambo hilo mwaka 1628, na kwa nini hoja yake ilibaki na pengo moja.” Sentensi hizo zimekupa ramani nzima. Kuna swali, dai la kale, dai jipya, na pengo. Weka swali ndani ya wingu juu kushoto. Panga moyoni kwamba robo ya kushoto chini itakuwa ya Galeni, katikati ya ukurasa itakuwa ya mzunguko wenyewe kwa ukubwa kuliko vyote, na upande wa kulia utakuwa wa ushahidi na pengo.

Kuchora mhadhara unapoendelea

Dai la Galeni linachorwa kwa mstari mmoja ulionyooka: chakula, mshale mnene, ini, mshale mnene, viungo, kisha alama ya kukoma. Njia hii ina mwanzo na mwisho, na ndiyo maana inafaa ichorwe hivyo. Mhadhara mzima unahusu tofauti kati ya njia inayokoma na njia inayojirudia. Ukiweka mstari ulionyooka kushoto na duara katikati, tofauti hiyo inaonekana kabla hujaandika maelezo. Hili ndilo jambo ambalo orodha ya sentensi haiwezi kulifanya kwa urahisi.

Kisha unakuja mzunguko. Chora mraba wa moyo katikati ya ukurasa, mapafu juu yake na mwili chini yake. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Moyo huchorwa kana kwamba mwenye moyo huo ametuelekea uso, kwa hiyo upande wake wa kulia uko kushoto kwa karatasi. Andika mara moja “KULIA” kwenye vyumba vya kushoto kwa karatasi na “KUSHOTO” kwenye vyumba vilivyo upande wa pili, kabla ya mshale wa kwanza kuchorwa. Ukiacha kufanya hivyo, mhadhiri atakaposema “ventrikali ya kulia husukuma damu kwenye mapafu” mkono wako utaelekea upande usio sahihi, na mishale yote itakayofuata itageuka.

Sasa fuata damu kwa mishale minene: kutoka mwilini hadi aurikali ya kulia, chini hadi ventrikali ya kulia, juu hadi mapafu, kurudi kwenye aurikali ya kushoto, chini hadi ventrikali ya kushoto, kisha kwenda mwilini. Ukichora vizuri, nje ya moyo mishale yote ya upande wa kushoto wa karatasi itapanda na yote ya upande wa kulia itashuka, kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Mshale mmoja ukienda kinyume, umekosea upande, na utaugundua papo hapo bila kusubiri kujisomea jioni.

Mhadhiri anapofika kwenye ushahidi, badili aina ya mshale. Tuseme anatoa hesabu kwa vipimo vya leo: moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kama mara 70 kwa dakika na kila pigo hutoa takriban mililita 70 za damu, ambayo ni karibu lita 5 kwa dakika na karibu lita 300 kwa saa, ilhali mwili mzima una takriban lita 5 tu. Hoja ya Harvey ilikuwa ya namna hiyo, kwamba damu inayopita moyoni ni nyingi mno kuweza kutengenezwa upya kutokana na chakula, hivyo ni lazima iwe ile ile inayorudi. Katika kisanduku cha kona iliyokunjwa andika “70 × 70 ≈ lita 5 kwa dakika, mwilini: lita 5”, halafu toa mishale miwili myembamba. Mmoja uende kwenye mstari wa Galeni na uandikiwe “hupinga”. Wa pili uende kwenye duara na uandikiwe “hudai”. Ungetumia mshale mnene hapa, msomaji angefikiri kwamba kitu fulani kinasafiri kutoka kwenye hesabu hadi moyoni.

Kisanduku cha pili cha ushahidi ni mkono uliofungwa utepe. Harvey alionyesha kwamba ukibonyeza vena ya mkono na kujaribu kuisukuma damu kuelekea vidoleni, vali huizuia, na kwamba hupita kwa urahisi kuelekea moyoni. Mistari miwili sambamba, mshale mnene kuelekea moyoni na mshale mfupi uliokatwa na msalaba kuelekea vidoleni vinatosha. Msalaba juu ya mshale ni bora kuliko sentensi “damu haiwezi kwenda upande huo”, na mkono huuchora mara moja.

Hatimaye linafika lile pengo. Harvey hakuona damu inavyovuka kutoka ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, kwenda vena ndani ya viungo. Alilazimika kukisia kwamba kuna njia. Hapa ndipo mshale wa nukta nukta unapostahili: uweke kwenye mwili, kati ya damu inayofika na damu inayoondoka, uandike kando yake “1628: yakisiwa”. Dakika chache baadaye mhadhiri anaeleza kwamba mwaka 1661 Marcello Malpighi aliona kapilari, mishipa midogo sana inayounganisha ateri na vena, kwenye mapafu ya chura kwa hadubini, miaka minne baada ya Harvey kufariki. Usiufute ule mshale wa nukta nukta. Chora mshale kamili sambamba nao, uuandikie “1661: yaonekana”, na uuunganishe na kisanduku cha ushahidi kwenye robo uliyoiacha tupu. Mishale hiyo miwili ikikaa pamoja inaonyesha kwamba dai lilitangulia na kuonekana kukafuata. Ukiacha mshale mmoja tu, historia hiyo itapotea na ukurasa utaonyesha kana kwamba yote yalijulikana kwa siku moja.

Unapoachwa nyuma

Utaachwa nyuma, kwa sababu mtu huzungumza haraka mara kadhaa kuliko anavyoweza kuandika. Hilo likitokea, chora kisanduku kitupu cha nukta nukta, andika ndani yake neno la kwanza unalolikumbuka na alama ya kuuliza, kisha ruka hadi hoja inayoendelea sasa. Kosa ni kurudi nyuma kujaza pengo wakati mhadhiri yuko kwenye hoja nyingine, maana pengo moja huzaa la pili. Nafasi ya kujaza huja yenyewe: mhadhiri anaporudia hoja kwa maneno mengine, anapotoa mfano wa pili wa jambo lile lile, au anapojibu swali ambalo tayari unalijua jibu lake.

Jambo jingine la kutazama ni msongamano. Ukiona mishale mitatu inakatana mahali pamoja, acha kuongeza wa nne. Weka herufi ndani ya duara dogo, tuseme “A”, mahali mshale ungeanzia na nyingine kama hiyo mahali ungeishia. Macho huiruka nafasi iliyo kati ya herufi hizo bila shida, lakini hupotea kabisa ndani ya mistari iliyosukana.

Robo saa baada ya mhadhara

Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, tenga kama dakika 15. Kazi ya kwanza ni mishale, wala si rangi. Weka kidole kwenye ventrikali ya kulia na ufuate mishale minene mpaka urudi pale ulipoanzia, ukitamka kila hatua. Chumba ambacho mshale unaingia bila kutoka, au unatoka bila kuingia, kina kasoro, isipokuwa mhadhiri amesema wazi kwamba njia inakoma hapo. Kisha pita kwenye mishale myembamba na uandike vitenzi vilivyokosekana. Ukiona kitenzi hakiji, hapo ndipo hukuelewa, na hapo ndipo pa kwenda kuulizia au kufungulia kitabu.

Baada ya hapo jaza visanduku vya alama ya kuuliza. Ukiongeza jambo kutoka kitabuni ambalo mhadhiri hakulisema, lipigie mstari chini au liwekee alama maalumu, ili baadaye usije ukadhani lilitamkwa darasani.

Rangi iwe ya mwisho na iwe na kazi. Kwa mfano wetu, kalamu ya kijivu itie kivuli sehemu zote zenye damu iliyopungukiwa na oksijeni, yaani vyumba vya kulia pamoja na mishipa yote ya upande wa kushoto wa karatasi. Hapo utagundua kwamba ateri inayokwenda kwenye mapafu imetiwa kivuli, ilhali ateri nyingine zote hazikutiwa. Si kosa, kwa kuwa ateri hutambuliwa kwa kubeba damu kutoka moyoni, hata ikiwa oksijeni iliyomo ni kidogo. Rangi iliyopewa maana hufichua mambo kama hayo. Rangi ya kupendezesha, kinyume chake, huvutia jicho mahali pasipo na hoja.

Mihadhara isiyofaa kuchorwa hivi

Njia hii ina mipaka yake. Uthibitisho wa hisabati ambao kila mstari hutegemea uliotangulia, ufafanuzi ambao neno moja likibadilika maana hubadilika, vifungu vya sheria, na msimbo wa kompyuta vyote vinadai kunakiliwa neno kwa neno. Kwa mihadhara ya namna hiyo weka karatasi ya pili pembeni kwa ajili ya kunakili, uzipe nambari sehemu zake, na kwenye ukurasa wa michoro weka nambari hizo ndani ya visanduku. Mchoro ubaki na kazi ya kuonyesha kwa nini hatua ya 3 inahitaji hatua ya 1, na maneno kamili yakae yanapoweza kusomwa bila kupunguzwa.

Vilevile kuna mihadhara inayozungukazunguka bila hoja moja kuongoza nyingine. Ukurasa wa mhadhara huo utajaa visanduku vyenye mishale michache sana. Uache hivyo, usibuni mishale ili uonekane umekamilika.